Asali Kwanza, Mgeni Rasmi Baadaye

Taarifa nyingi za kampuni ndogo zinazofika kwa waandishi wa Mpanda huanza na shukrani na kumalizika na wito, na habari yenyewe huwa imebanwa mahali fulani katikati, kwenye aya ya tano au ya saba. Kazi ya kuichomoa na kuipandisha juu huhesabiwa kuwa kazi ndogo, ya kumpa mwandishi mgeni siku ambayo hakuna kikao cha baraza la madiwani. Mimi nadai kinyume chake. Anayeipanga upya taarifa ya namna hiyo ipasavyo hulazimika kujua ni nani hasa anayeguswa na jambo hilo, anaguswa kwa kiasi gani, na ni kitu gani kampuni haikukisema. Ukiona sentensi ya kwanza imekaa sawa, jua kuna hesabu iliyofanyika na simu iliyopigwa kabla haijaandikwa.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga ingawa sehemu zake zote zinafahamika. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ni mji unaojulikana kwa asali ya misitu ya miombo. Kampuni ndogo inayonunua asali hapo inatoa taarifa ya aya nane. Aya ya kwanza inasema: “Katika kuunga mkono jitihada za Serikali za kukuza sekta ya ufugaji nyuki na kuinua uchumi wa mwananchi mmoja mmoja, kampuni yetu kwa kushirikiana na wadau mbalimbali imefanya hafla ya uzinduzi wa mzani wa kisasa wa kidijitali, hafla iliyohudhuriwa na viongozi wa chama na serikali.” Zinafuata aya mbili za hotuba ya mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, na aya ya historia ya kampuni. Kwenye aya ya sita, baada ya maneno kuhusu mazingira wezeshi, kuna sentensi hii: “Hivyo kuanzia Julai 1 kampuni itanunua asali kwa kilo kwa bei ya Sh4,500 na si kwa ndoo kama ilivyozoeleka, kwa kuzingatia ubora.” Hapo ndipo habari ilipo. Mzani ni chombo tu. Kilichobadilika ni namna mfugaji nyuki atakavyolipwa.

Lakini kuipandisha juu sentensi hiyo jinsi ilivyo hakutoshi, kwa sababu msomaji bado hajui kama amepata au amekosa. Mhariri anayeijua kazi yake huchukua kalamu. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo lita 20 za asali iliyochujwa zina karibu kilo 28. Zidisha kwa Sh4,500, unapata Sh126,000. Sasa inatakiwa bei ya zamani ya ndoo, na taarifa haikuitaja. Hapo ndipo simu inapopigwa. Tuseme kampuni inajibu kuwa msimu uliopita ndoo ilinunuliwa kwa Sh120,000. Mwenye asali safi, basi, ameongezewa Sh6,000 kwa ndoo. Lakini ndoo nyingi hazifiki sokoni zikiwa na asali iliyochujwa. Huwa na masega ndani, nta na nafasi za hewa, na ndoo ya namna hiyo huwa nyepesi zaidi. Ikiwa na kilo 24, mfugaji atalipwa Sh108,000, pungufu ya Sh12,000 kuliko zamani. Mpaka uko karibu na kilo 27: ndoo yenye kilo 27 inampa mfugaji faida ndogo ya Sh1,500, na ndoo yenye kilo 26 inamtia hasara ya Sh3,000. Yaani mabadiliko yaleyale yaliyotangazwa kwa vigelegele yanamwinua mfugaji mmoja na kumshusha jirani yake. Hakuna aya hata moja kati ya zile nane iliyosema hivyo, na huenda mwandishi wa kampuni mwenyewe hakuwa amelifikiria.

Kuna maswali mengine mawili ambayo hesabu hiyo inayazaa yenyewe. La kwanza ni uzito wa ndoo tupu: inapimwa na kutolewa, au mfugaji anakatwa kwa kukisia? Ndoo ya plastiki haizidi sana kilo moja, lakini kwa bei hii kilo moja ni Sh4,500, na mtu mwenye ndoo kumi ana Sh45,000 zinazobishaniwa. La pili ni hayo maneno “kwa kuzingatia ubora”, ambayo huficha mengi. Kwa asali, ubora unaopimika kirahisi ni unyevu. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu asali ya kawaida kuzidi asilimia 20 ya maji, kwa sababu ikizidi hapo huwa katika hatari ya kuchacha. Je, asali ya asilimia 21 itarudishwa, au itanunuliwa kwa bei ya chini? Na mzani wenyewe una muhuri wa Wakala wa Vipimo? Nchi iliyopigana miaka mingi na lumbesa, ambapo gunia hujazwa kupita kipimo na mkulima akalipwa kama gunia moja, haiwezi kuandika habari ya mzani mpya bila kuuliza swali hilo. Kampuni ikijibu, jibu linaingia. Isipojibu, habari inasema kuwa kampuni haikueleza.

Ndipo sentensi ya kwanza inapoweza kuandikwa: “Wafugaji nyuki wa Inyonga wataanza Julai 1 kuuza asali kwa kilo badala ya ndoo kwa kampuni moja ya wilayani Mlele, ambayo imesema italipa Sh4,500 kwa kila kilo.” Ya pili inatoa hesabu ya ndoo, safi na yenye masega. Ya tatu inataja unyevu na nani atapima. Mzani na hafla vinakuja katika sentensi ya nne, na mkuu wa wilaya yumo humo, kwa cheo chake, akiwa amezindua. Angalia pia kilichobaki palepale: “imesema italipa.” Hakuna aliyelipwa bado. Makosa mengi katika kazi hii huzaliwa hapa, pale ahadi inapopandishwa juu na kugeuka tendo. “Inatarajia kuajiri” inakuwa “imeajiri”, na miezi michache baadaye vijana wa Majimoto wanakwenda kuuliza kazi isiyokuwepo. Kupandisha habari si ruhusa ya kuikoleza, na maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu hayaguswi hata yakiwa mazito.

Pingamizi la kwanza, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni la heshima. Waswahili hatuanzi na shida. Tunasalimiana, tunaulizana hali, kisha tunafika kwenye jambo. Mgeni rasmi aliyeacha ofisi na kusafiri hadi Inyonga atajiona amedharauliwa akijikuta kwenye sentensi ya nne. Nalikubali la salamu, lakini taarifa haimsalimu mtu yeyote. Aliye mbele yake ni mfugaji asiyekuwepo kwenye hafla, asiyekunywa soda ile, anayesikiliza redio akiwa na ndoo zake zimepangwa chini ya mwembe. Heshima anayostahili yeye ni kuambiwa bei kabla hajabeba mzigo. Na mkuu wa wilaya naye hapati heshima kwa kutajwa kwanza kwenye habari ambayo watu wameiacha katikati. Vilevile tuseme ukweli: desturi ya kumweka kiongozi juu ya kila tangazo haikutoka kwenye adabu ya wazee. Imetoka kwenye mtindo wa ripoti za kiofisi, ule wa “ameyasema hayo leo wakati wa hafla”, ambao kampuni ndogo zimeuiga zikidhani ndio Kiswahili rasmi.

Pingamizi la pili linasema mpangilio wa kuanza na habari ni wa kigeni, uliozaliwa kwenye magazeti ya Marekani. Historia inaunga mkono sehemu ya hoja hiyo. Taarifa inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake ni ile iliyotolewa na Ivy Lee mwaka 1906 kwa niaba ya kampuni ya reli ya Pennsylvania, baada ya treni kutumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50. Kampuni za reli wakati ule zilizoea kuficha ajali. Lee alitoa maelezo ya tukio na kuwawezesha waandishi kufika. Tangu siku hiyo, basi, taarifa ilisomwa kwa sababu ilibeba tukio. Hafla ndiyo iliyoongezwa baadaye. Na sababu ya kuanza na habari ipo hata Katavi. Habari ya Mpanda husafiri hadi dawati la Dar es Salaam, na huko nafasi ikipungua mhariri hukata kuanzia chini. Bei ikiwa kwenye aya ya sita, itakatwa bei na kubaki hafla. Redioni ni vigumu zaidi, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutafuta alichokikosa. Ndiyo maana tarehe na mahali hurudiwa mwishoni mwa habari fupi.

Wapo pia wanaosema mhariri anaingilia mali ya kampuni: taarifa ni yao, waache waseme wanavyotaka. Kwa tangazo lililolipiwa, nakubali kabisa. Lichapishwe lilivyo na liandikwe kuwa ni tangazo. Lakini anayetuma taarifa ili itoke kama habari ameomba imani ya wasomaji, na imani hiyo ina bei yake, nayo ni kukubali kuulizwa. Isitoshe, kampuni yenyewe hunufaika. Mfugaji aliyesikia mapema kuwa masega yatampunguzia fedha atachuja asali yake nyumbani, na ndoo safi ndizo kampuni inazozitaka. Aliyekuja bila kujua atagombana na mpimaji mbele ya foleni nzima, na msimu ujao atamtafuta mnunuzi mwingine wa ndoo.

Zipo taarifa ambazo ukizikung'uta hakidondoki kitu. Kampuni imetimiza mwaka mmoja, imewashukuru wateja, imeahidi kuendelea kutoa huduma bora. Hapa ufundi uleule ndio unaotoa hukumu, kwa kuwa sentensi ya kwanza inakataa kuandikika: hakuna mtu ambaye kesho yake itabadilika. Mhariri mwaminifu haibuni habari ili kujaza pengo. Anaiweka kando, na akipenda anampigia mtumaji kumuuliza kama kuna bei, ajira, mkataba au kituo kipya alichosahau kukitaja. Mara nyingine kipo, na mtumaji alikiona kidogo mno kukiweka mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo wewe mwenye kampuni ya asali, alizeti au karanga, kabla hujaituma taarifa yako Mpanda mjini, andika juu kabisa nini kinabadilika, lini, wapi, na kwa shilingi ngapi, na uweke namba ya simu itakayopokelewa. Mgeni rasmi atapewa aya yake.