Hay na Estar mbele ya Kuna na -ko: Uhakiki wa Mlinganyo Mmoja wa Darasani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kongo ya Mashariki anayejifunza Kihispania huingia katika lugha hiyo kwa mlango wa Kifaransa. Mwalimu anapotaka kumsaidia kwa Kiswahili, humpa mlinganyo mfupi: hay ni kuna, na estar ni -po, -ko, -mo. Mlinganyo huo una ukweli ndani yake, na ndiyo maana umedumu. Hata hivyo, humwongoza mwanafunzi vizuri katika sentensi za mwanzo, kisha humtupa palepale anapoanza kuzungumza mambo yenye uzito. Makala hii inakusudia kuonyesha mlinganyo huo unasimama wapi, unaanguka wapi, na ni kigezo gani kinachofaa kuchukua nafasi yake. Mifano imetolewa katika mazingira ya Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Fizi.

2.0 Palipo na ukweli

Tuanze na maumbo yenyewe. Neno hay limeundwa kwa vipande viwili: ha, yaani umbo la kitenzi haber ambacho asili yake katika Kilatini ni kuwa na kitu, na y ya zamani yenye maana ya pale. Kwa asili, basi, hay ni "pale pana". Kuna nayo ni kiambishi cha mahali ku- pamoja na na ya umilikaji. Lugha mbili zisizo na udugu zimefuata njia moja: ili kusema kwamba kitu kipo duniani, zinasema kwamba mahali pana kitu hicho. Estar, kwa upande wake, imetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Hapo anayesimama ni kitu chenyewe, wala si mahali.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika wakati uliopita. Tunasema "ufuoni palikuwa na mitumbwi miwili". Kitenzi kinapatana na ufuo, na mitumbwi hata ingekuwa mia, pa- haibadiliki. Kihispania nacho husema había dos canoas, kitenzi kikibaki katika umoja, kwa kuwa mitumbwi si kiima bali ni yambwa. Lakini tukisema "mitumbwi ilikuwa ufuoni", kitenzi kinafuata mitumbwi, kama vile las canoas estaban en la playa. Kosa la habían dos canoas husikika mno katika Amerika ya Kihispania, ingawa sarufi sanifu hailikubali. Mswahili ana kinga dhidi ya kosa hilo katika lugha yake mwenyewe, laiti angeonyeshwa.

3.0 Mfano wa Lweba

Tazama kifungu hiki kifupi: "Lweba kuna ufuo. Ufuoni pana mitumbwi miwili. Mmoja uko majini, mwingine uko mchangani. Katika ule ulioko majini mna wavu. Wavu uko chini ya ubao. Mvuvi hayupo."

Kwa Kihispania tutapata: En Lweba hay una playa. En la playa hay dos canoas. Una está en el agua, la otra está en la arena. En la que está en el agua hay una red. La red está debajo de la tabla. El pescador no está.

Mitumbwi na wavu vinaingia katika habari kwa hay, kisha vinaelezwa mahali pake kwa estar. Wavu umepita njia zote mbili katika sentensi mbili zinazofuatana. Mvuvi hakuingizwa. Anachukuliwa kuwa anajulikana, kwa sababu mtumbwi una mwenyewe. Zingatia pia kwamba no está haikutaja mahali, sawasawa na hayupo yetu.

Sentensi ya tatu ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi. Wanafunzi hufundishwa kwamba hay huandamana na un, una, na estar huandamana na el, la. Lakini hapa tuna una está, na si kosa. Mtumbwi huo mmoja umetolewa katika jozi ambayo msomaji amekwisha kuionyeshwa. Kinachoamua, basi, si neno linalotangulia nomino tu, bali ni kama kitu kinaingizwa katika mazungumzo au kimekwisha kuwamo.

4.0 Mlinganyo unapoanguka

Mlinganyo unaanguka kwanza katika Kiswahili cha kwetu. Mashariki ya Kongo watu husema "kuko samaki", "kuko shida", mahali ambapo Kiswahili sanifu kingesema kuna. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba -ko ni estar ataandika están problemas, akidhani ametii kanuni. Kumbe lililo muhimu katika kuko limo kichwani mwa neno, si mkiani: ku- inapatana na mahali. "Kuko samaki" ni hay pescado. "Samaki wako sokoni" ndiyo estar.

Pili, unaanguka katika Kiswahili cha vitabu. Mwandishi anapoandika "wapo watu wanaodhani kwamba ziwa halina mwisho", ana -po, na kiambishi cha mwanzo kinapatana na watu. Hata hivyo Kihispania kitadai hay: hay personas que creen. Kwa hiyo hata kutazama kichwa cha neno hakutoshi.

5.0 Kigezo kinachopendekezwa

Tunapendekeza mwanafunzi asitafsiri umbo, bali ajaribu kubadilisha. Aiweke kuna mahali pa kitenzi chake, kisha aulize kama maana imebaki ileile. "Wapo watu wanaodhani" ikigeuzwa "kuna watu wanaodhani", hakuna kilichopotea, atumie hay. "Mwalimu yupo?" ikigeuzwa "kuna mwalimu?", swali limebadilika: la kwanza linamtafuta mtu fulani, la pili linamtafuta mwalimu yeyote. Hapo atumie estar: ¿Está el profesor?

Kigezo hiki kina mipaka miwili. Wa kwanza ni majina ya watu. Kwa swali "nani yuko nyumbani?", Mswahili anaweza kujibu "kuna Juma na Asha", na Kifaransa nacho huruhusu il y a mbele ya jina la mtu. Kihispania kitasema están Juma y Asha. Hapa ndipo Kifaransa na Kiswahili, vikishirikiana, humpotosha mwanafunzi wetu maradufu, na hana budi kuonywa mapema. Mpaka wa pili ni matukio. "Mkutano uko shuleni" hautumii hay wala estar, bali ser: la reunión es en la escuela. Kwa Kihispania, mkutano hausimami mahali, unatukia.

6.0 Hitimisho

Mlinganyo wa darasani haukukosea kwa kukitumia Kiswahili. Ulikosea kwa kukitumia kidogo mno: ulichukua viambishi vitatu ukaacha upatanisho, ukaacha kuko inayosemwa sokoni na wapo inayoandikwa vitabuni. Mwanafunzi wa Lweba anayejua kwa nini alisema "pana mitumbwi" na kisha "mmoja uko majini" amekwisha kufanya uamuzi ambao Kihispania kinamdai. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha uamuzi huo katika kinywa chake mwenyewe, kabla ya kumpeleka kwa il y a.