Barua ya sifa nyingi isiyomsaidia mwanafunzi wa toni

WIKI jana mhadhiri mmoja kijana niliyewahi kumfundisha alinitumia barua kwenye simu. “Shikamoo Prof. Naomba unipitishie macho kabla sijaituma Ijumaa,” akaandika. Ilikuwa barua ya mapendekezo kwa mwanafunzi wake wa uzamili anayeomba nafasi ya uzamifu wa isimu katika chuo cha ng’ambo. Tasnifu ya mwanafunzi huyo inahusu toni katika Gikuyu. Niliisoma mara mbili, kisha nikaomba ruhusa niijadili katika safu hii bila kumtaja mtu wala chuo. Akakubali, japo kwa shingo upande.

Barua iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo natafsiri kiini chake. Aya ya kwanza inasema mwanafunzi ni mwenye bidii, nidhamu na maadili. Ya pili inasema hushirikiana vyema na wenzake na hufika darasani kwa wakati. Ya tatu, ambayo ndiyo pekee inayogusa tasnifu, inasema: “Utafiti wake wa kina unaonyesha kwamba toni hutofautisha maana katika Gikuyu, jambo ambalo ni mchango mkubwa katika isimu.” Ya nne inampendekeza bila kusita. Basi.

Niliwahi kuketi katika kamati za kuteua wanafunzi. Barua kama hii haichukui hata dakika mbili. Haimharibii mwombaji, lakini pia haimwongezei kitu. Ukifuta jina na neno “toni” utaweza kumpelekea mwombaji wa kilimo au uhasibu, na hakuna atakayegundua. Hata hivyo, si aya za nidhamu zilizonikera. Kilichonikera ni ile aya ya tatu, kwa sababu inamdhuru mwanafunzi kweli.

Kwamba toni hutofautisha maana katika Gikuyu si habari mpya. Lilias Armstrong aliandika kitabu kizima kuhusu fonetiki na toni za lugha hiyo, kikachapishwa mwaka 1940 yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1979 Clements na Ford walichapisha makala maarufu kuhusu kuhama kwa toni za Gikuyu, na tangu hapo mifano ya lugha hii imo katika vitabu vya kufundishia fonolojia duniani. Mwanafonolojia atakayeambiwa kwamba mchango wa mwombaji ni kuonyesha kuwa toni hutofautisha maana atakata shauri moja kati ya mawili: ama mwanafunzi hajasoma, ama msimamizi hakuisoma tasnifu.

Nikaomba nitumiwe tasnifu yenyewe. Jameni, kumbe mambo mazuri yalikuwa yamefungiwa ndani!

Kabla sijaeleza, tukumbushane jambo. Sisi tunaotumia Kiswahili huzoea mkazo, si toni. Tunasema barabára, njia ya magari, na barábara, yaani sawasawa, na tofauti yake ni silabi gani tunaitilia nguvu. Katika lugha ya toni, kila silabi ina kidatu chake cha juu au cha chini, na kidatu hicho ni sehemu ya neno kama zilivyo konsonanti na irabu.

Sasa tazama vitenzi viwili vya Gikuyu: tũmũroraga, “huwa tunamwangalia”, na tũmaroraga, “huwa tunawaangalia”. Tofauti ya maandishi ni kiambishi cha mtendwa: mũ kwa mmoja, ma kwa wengi. Kiambishi mũ kina toni ya chini. Kiambishi ma kina toni ya juu. Mtu angetarajia basi kusikia sauti ikipanda kwenye ma. Haipandi pale. Ma yenyewe hutamkwa chini kama mũ, na sauti hupanda kwenye silabi inayofuata, yaani ro ya mzizi. Kwa maneno mengine, toni ya ma imehamia kwa jirani wa kulia. Hali ni hiyo hiyo katika tũtũmaga, “huwa tunatuma”: mzizi tũm una toni ya juu, lakini sauti inapanda kwenye a inayoufuata. Kila mofimu hupitisha toni yake mbele. Hilo ndilo Clements na Ford walilolieleza.

Mwanafunzi wetu hakuanzia hapo. Katika sura ya pili anakiri kwamba mwanzoni aliziandika toni pale alipozisikia, silabi kwa silabi, akadhani mzizi ror una toni mbili: ya juu baada ya ma na ya chini baada ya mũ. Orodha yake ya mizizi ikaanza kuwa na matoleo mawili mawili ya kila kitenzi. Hapo ndipo akashtuka. Ukiona kila neno katika data yako lina sura mbili, na sura hiyo inaamuliwa na kiambishi kilicho nyuma yake, tatizo haliko kwenye maneno bali kwenye uchanganuzi. Akaifuta kazi ya miezi mitatu na kuanza upya. Barua haikusema neno kuhusu hili, ilhali ndilo jambo ambalo kamati hutaka kulijua zaidi: mtu huyu data ikimkatalia, hufanya nini?

Kisha akaja na swali lake mwenyewe. Katika lugha nyingi za toni, kilele cha kidatu huchelewa. Sauti huanza kupanda katika silabi yenye toni ya juu, lakini hufika kileleni silabi ya pili ikiwa tayari imeanza, kwa sababu koo huhitaji muda kubadilisha kasi ya mtetemo. Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza: je, kinachoitwa kuhama kwa toni katika Gikuyu si uchelewaji huo tu wa koo, ambao wanaisimu wameuvika vazi la kanuni?

Jaribio lake ni rahisi na la busara. Aliwarekodi wasemaji wanane wakisema sentensi zile zile kwa kasi mbili, ya kawaida na ya polepole sana. Kama kilele kinachelewa kwa sababu ya koo tu, msemaji akipunguza kasi, ma itarefuka, koo litapata muda wa kutosha, na kilele kitaanza kurudi nyuma kuelekea ma. Kama ni kanuni ya lugha, kilele kitabaki kwenye ro hata msemaji akiburuta maneno. Alipima kidatu kwa programu ya Praat, na kwa wasemaji wote wanane kilele kilibaki kwenye ro. Ma ilirefuka, lakini ikabaki chini.

Hata uteuzi wa vitenzi ulikuwa na sababu. Alikitegemea zaidi ror kuliko tũm. Sauti t haina mghuno: inaukata mchoro wa kidatu na kuinua kidogo mwanzo wa irabu inayoifuata, hivyo unaweza kudhani umeona toni ya juu kumbe ni kazi ya konsonanti. Sauti m na r zina mghuno, na mchoro hupita juu yake bila kukatika. Tena alilinganisha ro na ro katika maneno yote mawili, hakulinganisha ma na mũ, kwa kuwa irabu tofauti huwa na vidatu vya kimaumbile vinavyotofautiana kidogo. Mtu anayeyafikiria haya kabla ya kuwasha kinasa sauti hahitaji kusifiwa kwa kufika darasani kwa wakati.

Tasnifu ina mapungufu pia. Wasemaji wote walisoma sentensi kutoka karatasini, na usomaji wa polepole si mazungumzo. Wote walikuwa wa eneo moja. Na takwimu zake ni za wastani tu, bila kupima kama tofauti kati ya msemaji na msemaji ni kubwa kiasi gani. Msimamizi akiyasema haya kwa uwazi, hamwangushi mwanafunzi. Anaifanya sifa aliyoitoa juu iaminike, na pia anaieleza kamati kile ambacho mwanafunzi anakwenda kujifunza kwao.

Nikampigia simu yule mhadhiri. “Uliisoma tasnifu?” nikamuuliza.

“Niliisoma Prof, si mimi niliyeisimamia?”

“Basi mbona barua haijui kilichomo?”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli. Barua iliandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Mhadhiri alikuwa na mitihani ya kusahihisha, akamwambia, “Andika tu, mimi nitatia sahihi.”

Najua desturi hii haikuanza naye. Mzigo wa kazi ni mkubwa na mimi mwenyewe nimewahi kuifanya, jambo nisilojivunia. Lakini tazama inachozaa. Mwanafunzi mwenye haya hawezi kuandika kwamba jaribio lake ni la busara. Ataona anajipigia debe. Hawezi kutaja mapungufu yake, ataogopa. Hawezi kujilinganisha na wanafunzi wengine ambao msimamizi amewafundisha, kwa kuwa hawajui. Kinachobaki mkononi mwake ni bidii, nidhamu na maadili. Na pale anapolazimika kuitaja tasnifu, anaipunguza hadi sentensi ambayo haiwezi kumtia makosani, kwamba toni hutofautisha maana. Unyenyekevu wake ndio uliomfanya aonekane hajui. Sikutaja bado suala la uaminifu: sahihi ya mhadhiri inasema “haya ni maoni yangu”, na hayakuwa yake.

Tuliketi kwenye simu hiyo tukaiandika upya aya ya tatu. Yeye alisema, mimi nikawa nauliza. Ikatoka takriban hivi:

“Swali lake ni iwapo kuhama kwa toni katika Gikuyu kunaweza kuelezwa kama uchelewaji wa kilele cha kidatu. Alibuni mwenyewe jaribio la kasi mbili ili kutenganisha maelezo hayo mawili, na matokeo yake yanaunga mkono kanuni ya kifonolojia. Katikati ya kazi aligundua kwamba uchanganuzi wake wa awali ulikuwa na kasoro, akaniambia kabla sijaiona, akaanza upya. Data yake ni ya usomaji na ya eneo moja, na anahitaji mafunzo ya takwimu. Miongoni mwa wanafunzi wa uzamili niliowasimamia, ndiye pekee aliyenibadilisha mawazo kuhusu suala nililodhani limefungwa.”

Sentensi ya mwisho ni ya mhadhiri, si yangu. Aliitamka polepole, kama mtu anayejisikia akiisema kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza kama mwanafunzi amewahi kuisikia.

“Hapana, Prof.”

Aya za nidhamu na kufika kwa wakati tulizifuta. Barua ikabaki ukurasa mmoja, na ilitumwa Ijumaa.