Kutoka picha za skrini hadi asilimia

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliandika yale wananchi waliyokuwa wakiyasema mitaani. Maneno hayo yalipangwa kwa mafungu: uvumi na imani, maswali, mapendekezo, shukrani. Kisha kila fungu likahesabiwa. Kazi ya namna hiyo ingefaa pia Biharamulo, ambako mlipuko wa Marburg ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 na kutangazwa umekwisha tarehe 13 Machi, na katika wilaya jirani ya Ngara. Lakini siku hizi majibu mengi hayaji kwenye karatasi. Yanakuja kama picha za skrini za WhatsApp, na ugumu unaanzia hapo.

Tuchukue mfano, tarakimu zote zikiwa za kuonyesha hesabu tu. Swali ni hili: "Ukipata homa kali, ni nini kingekuzuia kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo?" Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanalituma kwenye vikundi vya vijiji, kisha wanaleta picha 212.

Kabla ya kusoma mada yoyote, picha hizo zigeuzwe kuwa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu. Mpigaji picha husogeza skrini kidogo, kwa hiyo ujumbe wa mwisho wa picha moja huwa ndio wa kwanza wa picha inayofuata. Asiyekuwa macho atauhesabu mara mbili. Majibu marefu hukatika penye "Soma zaidi". Ujumbe wa sauti huonekana kama mstari wenye sekunde tu, na aliyeutuma mara nyingi ndiye asiyependa kuandika, pengine mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kihangaza. Hao warudiwe, waombwe sauti yenyewe. Majina na namba za simu zifutwe, kila mtu apewe namba ya utafiti, na jina la faili libaki kwenye jedwali ili jibu lenye utata liweze kukaguliwa upya. Baada ya usafi huo, picha 212 zimetupa watu 160: 100 wa Ngara na 60 wa Biharamulo.

Sasa misimbo. Soma majibu kama 40 kutoka wilaya zote mbili, andika mada zinazojitokeza, na kila mada uipe maana, mfano wa jibu linaloingia na mfano wa lisiloingia. Mfano huo wa mwisho ndio watu huuacha, nao ndio unaookoa kazi. Mtu ameandika: "Mvua ikinyesha bodaboda hapiti, na akipita anataka mara mbili." Je, ni barabara au ni nauli? Ni zote mbili, kwa hiyo jibu moja lazima liruhusiwe kubeba misimbo miwili.

Wasimbaji wawili wapewe majibu 60 yale yale, kila mmoja peke yake. Tuseme kwenye msimbo wa nauli wote wawili wamesema ndiyo mara 18 na hapana mara 33, wakatofautiana mara 9. Wamekubaliana kwa asilimia 85. Ila sehemu ya makubaliano hayo ingetokea hata kwa kubahatisha. Ikiwa mmoja alisema ndiyo mara 24 na mwenzake mara 21, makubaliano ya bahati ni asilimia 53, na kipimo cha kappa kinashuka hadi 0.68. Si kibaya, lakini majibu yale 9 yanastahili kusomwa pamoja, kwa sauti, mpaka maana ya msimbo inyooke.

Kwenye kuripoti, kosa kubwa ni kigawanyo. Hofu ya kushukiwa na kutengwa imetajwa na watu 48. Ukigawa kwa watu 160 unapata asilimia 30. Ukigawa kwa mitajo yote, tuseme 201, unapata 24. Mimi nachagua watu, na ninaandika wazi kwamba jumla itapita 100. Halafu ninatenganisha wilaya. Watu 18 kati ya 100 wa Ngara ni asilimia 18, na 30 kati ya 60 wa Biharamulo ni asilimia 50. Ile 30 ya jumla haielezi wilaya yoyote kati ya hizo mbili.

Kuna jambo ambalo hesabu hailitibu. Katika kikundi, mtu wa tatu ameshasoma jibu la wa kwanza. Majibu kama "naunga mkono" au "kama alivyosema mwenzangu" yapewe alama yake, na asilimia itolewe mara mbili, pamoja nayo na bila hayo. Ikiwa hofu Biharamulo inatoka 30 kati ya 60 hadi 14 kati ya 44 wasiounga mkono tu, yaani asilimia 32, msomaji wa ripoti aone namba zote mbili. Na sentensi ya kwanza chini ya jedwali iseme kwamba hawa ni wenye simu janja waliomo kwenye vikundi, wala si wakazi wote wa Ngara na Biharamulo.