Njia ya Maji Chini ya Bwawa

Mafuriko ya mwaka 2024 Rufiji na Kibiti yaliwafanya wengi walitazame Bwawa la Julius Nyerere kwa shaka. Lakini maji yanayofunguliwa milangoni hayafanani na yanayopenya chini ya ukuta, na haya ya pili hutegemea mwamba kuliko zege. Ukuta huo wa meta 131 umejengwa kwenye korongo lililochimbwa na mto katika mawe ya mchanga ya Karoo. Jiwe lenyewe hupitisha maji kidogo. Njia ni nyufa na mipaka ya tabaka. Ufa ukipanuka mara mbili, maji huongezeka mara nane hivi, kwa hiyo nyufa chache pana hubeba karibu yote.

Ndiyo maana mwamba hupimwa kwanza. Shimo huchorongwa, kipande chake huzibwa juu na chini, kisha maji husukumwa humo kwa shinikizo la bar 10. Lita moja kwa dakika kwa kila meta ya shimo huitwa Lugeon moja. Panapovuja, hudungwa uji wa saruji, mwepesi kwanza, kisha mzito. Mashimo mapya huchorongwa katikati ya yale ya awali: yakinywa saruji kidogo kuliko yaliyotangulia, pazia la saruji chini ya ukuta linafunga. Udongo wa mfinyanzi ndani ya ufa huharibu hesabu hii, kwa sababu huikataa saruji leo na huweza kusombwa baadaye. Mapango ni balaa zaidi. Kwenye mawe ya chokaa ya Matumbi, Kilwa, liliko pango la Nang'oma, shimo la kupimia lingeweza kupita kando ya pango bila kuonyesha chochote. Likiligonga, saruji ingemezwa bila shinikizo kupanda.

Atasema mtu: bwawa la meta za ujazo bilioni 33 lina haja gani na uvujaji mdogo? Kwa hesabu ya maji, ana haki. Meta moja ya ujazo kwa sekunde, mwaka mzima, ni kama milioni 31.5, yaani asilimia 0.1 tu. Hatari ni shinikizo: maji yaliyonaswa chini ya zege huusukuma ukuta juu na kuupunguzia uzito unaoushikilia, hivyo nyuma ya pazia huchimbwa mashimo ya kuyatoa. Hatari nyingine ni kusombwa. Bwawa la Teton, Marekani, la udongo, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa bado linajazwa. Maji yalipita kwenye nyufa za mwamba ambazo hazikuzibwa vya kutosha, yakasomba udongo wa kiini, watu 11 wakafa. Zege halisombwi hivyo, ila mfinyanzi ulio ndani ya nyufa husombwa. Kwa hiyo msimamizi husoma mtiririko wa mashimo ya kutoa maji sambamba na kina cha bwawa. Ukipanda na kushuka pamoja na kina, ni kawaida. Ukipanda kina kikiwa palepale, au maji yakitoka na tope, njia inapanuka.