Chumvi Ndani ya Chupa: Namna ya Kupima Maneno ya Video ya Mkulima

Mavuno ya mahindi yakianza Nyanda za Juu Kusini, video fupi za mafunzo huanza kuzunguka kwenye simu za Mbeya na Iringa. Mtu amesimama kando ya turubai, mahindi yameanikwa, anaongea na kamera. Maneno mengi anayoyasema yametoka kwenye kipeperushi. Aya imechukuliwa ilivyo, ikakaririwa, ikatamkwa, na mtazamaji hahitaji kuiona karatasi ili ajue kwamba anasomewa. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kuyapima maneno hayo kabla kamera haijawashwa: aya iliyogeuzwa vizuri kuwa maongezi ina alama zake, na iliyogeuzwa vibaya ina zake.

Tuchukue aya ya kukausha mahindi. Hii nimeitunga kwa mtindo wa vipeperushi tunavyovijua:

"Wakulima wanashauriwa kuhakikisha kwamba mahindi yanakaushwa ipasavyo hadi kufikia kiwango cha unyevu kisichozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, ili kudhibiti uwezekano wa uzalishwaji wa sumukuvu unaosababishwa na ukuaji wa fangasi, ambao una athari kwa afya ya walaji pamoja na soko la mazao."

Hakuna uongo ndani yake. Asilimia 13.5 ndiyo unyevu wa juu unaoruhusiwa katika kiwango cha ubora wa mahindi cha Afrika Mashariki, na fangasi kweli huacha sumu. Karatasini aya inafanya kazi, kwa sababu msomaji akipotea hurudi nyuma. Anayesikiliza hana pa kurudi. Angalia sehemu ya mwisho: uwezekano, uzalishwaji, ukuaji, yote ni ngeli moja. Sikio likifika kwenye "ambao una athari" haliwezi kujua ni kipi kati ya hivyo chenye athari. Jicho lingepanda mstari mmoja juu na kupata jibu. Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliangalia katika aya yoyote ni majina haya yaliyoundwa kutokana na vitenzi. Kila moja limemficha mtu anayetenda. Uzalishwaji ni kitu kinachozaa kitu, ukaushaji ni mtu anayeanika. Mrudishe mtu huyo kwenye sentensi, na nusu ya ugumu inaondoka.

Sasa tazama aya ileile mikononi mwa mwandishi mwenye haraka:

"Mambo vipi mkulima wangu! Leo nakuletea madini ya kufa mtu kuhusu sumukuvu. Bwana wee, hakikisheni mahindi yenu yanakaushwa ipasavyo hadi kufikia unyevu usiozidi asilimia 13.5, sawa?"

Wengi wataipitisha kwa sababu imechangamka. Mimi ningeirudisha. Maneno ya mtaani yamebandikwa juu, lakini uti wa mgongo ni uleule wa karatasi: hakikisheni, yanakaushwa, ipasavyo, hadi kufikia. Halafu anaanza na mkulima mmoja, "wangu", anamaliza na kundi, "hakikisheni". Video ya simu hutazamwa na mtu mmoja, au watatu waliokaa karibu, na kila mmoja anataka kuambiwa yeye. Ukichagua "wewe", baki na "wewe" mpaka mwisho. Tena msikilizaji anaweza kuwa mama wa miaka hamsini na tano kule Kilolo. Kijana anayemwambia "mambo vipi" ameshampoteza. Na "ya kufa mtu" haifai kabisa kwenye habari ya sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lugha ya kuongea ina adabu yake, na adabu hiyo ni sehemu ya ubora.

Hii hapa ndiyo ningeipitisha:

"Habari za mavuno. Haya mahindi nimeshayapukuchua, yapo hapa kwenye turubai. Ukiyashika unasema yamekauka. Mkono peke yake hautoshi. Chukua chupa ya kioo, iwe kavu. Tia mahindi, yafike robo ya chupa. Weka chumvi, nayo iwe kavu, vijiko viwili vya chakula. Funga. Tikisa, kama dakika moja. Halafu iache itulie robo saa. Unaiona hii chumvi, imenata hapa pembeni? Mahindi bado yana maji. Yarudishe juani. Siku chumvi itakapoanguka yote chini, umekaribia, lakini bado usitie guniani. Endelea kuyaanika, kisha yapime kwa kipima unyevu. Tunataka kumi na tatu na nusu, isizidi. Mahindi yenye maji yanaota ukungu, ukungu unaacha sumu, na hiyo sumu haiishi kwa kupika ugali. Ndiyo wanayoiita sumukuvu."

Imekuwa ndefu kuliko kipeperushi, na hilo lisikutishe. Sentensi ni nyingi lakini kila moja inatoka kwa pumzi moja, na karibu kila moja ina kazi ya mkono ndani yake. Hicho ndicho kipimo changu cha pili. Soma sentensi, kisha jiulize mkono wa msikilizaji ufanye nini. "Tikisa" ina jibu. "Hakikisha yanakaushwa ipasavyo" haina, maana mkulima aliyetaka kujua jinsi ya kukausha ameambiwa tu kwamba akaushe vizuri.

Angalia pia mpangilio. Mtu anayeongea huanza na kitu kilicho mbele ya macho, halafu anakisemea: "haya mahindi nimeshayapukuchua", "unaiona hii chumvi". Kitu kinatajwa, na kinasikika tena ndani ya kitenzi, -ya-, -i-. Katika maandishi tungeandika "nimepukuchua mahindi haya", na hakuna kosa, ila ni sauti ya karatasi. Mwandishi mzuri wa video anajua kupanga hivi bila kufikiri, na ukiona aya nzima haina hata sentensi moja ya namna hiyo, ujue imeandikwa kwa jicho.

Maneno ya kuonyesha, yaani hii, haya, hapa, hivi, yana masharti. Kila moja linadai kitu ndani ya picha. "Imenata hapa pembeni" inahitaji chupa ya kioo, mwanga unaopita ndani yake, na kamera iliyosogea mpaka punje za chumvi zionekane. Mpiga picha akisimama mbali, au chupa ikiwa ya plastiki iliyochakaa, sentensi hiyo inakuwa mbovu ingawa lugha yake ni safi. Ndiyo maana sipitishi maneno bila kuuliza kila picha itapigwaje.

Ninalolichunguza kwa muda mrefu kuliko yote ni ukweli uliobaki baada ya kurahisisha, kwa sababu hapo ndipo waandishi hodari huanguka. Jaribio la chumvi lina mpaka. Chumvi hunata kwenye kioo mahindi yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Isiponata, unachojua ni kwamba uko chini ya 15 tu. Kati ya hapo na 13.5 kuna nafasi, na mahindi yaliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa yakiwa katika nafasi hiyo hayajafika kiwango. Mwandishi anayependa sentensi tamu atamalizia "chumvi ikianguka chini, hifadhi bila wasiwasi". Inaongeleka vizuri sana, na imemdanganya mkulima. Maneno "umekaribia, lakini bado usitie guniani" yanaonekana kama kigugumizi katikati ya mtiririko, lakini yamebeba tofauti ile yote bila kumtajia mtu asilimia mbili kwa mkupuo. Kila aya ya kitaalamu ina sehemu kama hiyo. Itafute kwanza kwenye andiko la asili, iwekee alama, kisha uone kama imevuka salama.

Namba nazo: mdomo useme "kumi na tatu na nusu", kioo cha simu kiandike 13.5. "Nukta tano" ni ya darasani. Namba moja ya asilimia inatosha kwa video moja. Suala la soko limeachwa nje, na nakubaliana na hilo, kwa kuwa bei ya mahindi inastahili video yake.

Neno sumukuvu limebaki, tena mwisho. Wapo watakaolifuta kwa kuliona gumu. Lakini mkulima analisikia redioni na kwa afisa ugani, na atakutana nalo akipeleka mahindi kuuza, kwa hiyo anahitaji kulitambua. Likitajwa baada ya ukungu na sumu kuelezwa, linaingia bila kusukumwa. Likitajwa mwanzo, linasimama mlangoni.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo mwandishi wa mbali hayajui. Ukiandika "anika siku tatu", umemsemea mtu wa Ismani, kwenye jua na upepo mkavu wa Iringa. Mwenzake wa Rungwe, ambako mvua na ukungu wa milimani havina msimu mrefu wa kupumzika, ataanika wiki nzima na asifike. Aya inayomwambia atazame chumvi badala ya kuhesabu siku inawafaa wote wawili. Salamu ni vivyo hivyo. "Kamwene" inamfungua mtu wa Iringa na Njombe, "ugonile" inamfungua Mnyakyusa, lakini Mbeya mjini kuna Wasafwa, Wandali, Wamalila na wengine wengi, na salamu ya mmoja inaweza kuwaambia waliobaki kwamba video si yao. Video ya wilaya moja ianze na salamu ya nyumbani. Ya kanda nzima ianze na "habari za mavuno".

Baada ya kuyaona yote hayo karatasini, mpe msemaji asome mara moja. Chukua karatasi. Mwambie amweleze mtu yeyote aliye karibu, anayepukuchua au anayepepeta, kile alichokisoma, na wewe urekodi kwa simu. Kisha linganisha. Palipo na maneno yake tofauti na yako, mara nyingi yake ndiyo bora, na andiko lifuate. Akisema "koroga" pale ulipoandika "tikisa", muulize anavyofanya kwa mkono, kwa sababu kukoroga kunahitaji kijiko na kutikisa kunahitaji kifuniko. Lakini akisema "iache kidogo" badala ya "robo saa", au "chumvi kiasi" badala ya "vijiko viwili, kavu", usimwachie. Chumvi yenye unyevunyevu itanata kwenye kioo hata mahindi yakiwa yamekauka, na mkulima atazidi kuanika kwa hofu isiyo na sababu. Chupa iliyosubiri dakika mbili tu haitoi jibu la kuaminika. Maneno hayo mawili matatu msemaji ayashike kama yalivyo, na mengine yote ayaseme kwa mdomo wake.