Pini ya Pembeni

Jirani yangu wa Adams Arcade huvuka nusu ya Nairobi, kutoka Ngong Road hadi leni za bolingi za Village Market kule Gigiri, na ninachopenda kumtazama akikifanya ni kuangusha pini moja: namba 10, ile ya nyuma kabisa upande wa kulia. Wenzake hushangilia straiki. Mimi husubiri abakishiwe hiyo.

Yeye hutumia mkono wa kulia, lakini pini ikibaki kulia huhamia kushoto. Leni ina mbao 39, na tukihesabu kutoka kulia, pini hiyo imekaa kwenye ubao wa 3, karibu na mfereji. Angeurusha mpira akiambaa na ukingo, ungesafiri futi 60 nzima ukinyemelewa na mfereji. Akiukatisha leni mshazari, hatari inabaki mwishoni tu.

Hesabu yake ni hii. Mshale wa katikati uko ubao wa 20, kama futi 15 hivi kutoka mstari wa faulo. Kutoka hapo hadi pini, mpira lazima uvuke mbao 17 katika futi 45 zilizobaki. Basi katika futi 15 za mwanzo utavuka theluthi yake, karibu mbao 6, kwa hiyo autue ubao wa 26. Na kwa kuwa mpira huning'inia mbao sita au saba kulia kwa mguu wa kushoto, mguu huo unapaswa kuteleza na kusimama kwenye ubao wa 32 au 33.

Anapolenga, huirekebisha hesabu hiyo kidogo: huuacha ubao wa 3 na kuchagua wa 5. Mpira una upana wa inchi 8.5 na pini inchi 4.75, hivyo hata ukipita inchi sita kushoto bado utaigusa. Kulia hakuna nafasi kama hiyo. Inchi tatu tu na mpira umezama mferejini.

Kuna adui mwingine: mpira unaopinda. Kwake hupinda kwenda kushoto, yaani kuikimbia pini. Ndiyo maana hubadili mpira, akachukua wa plastiki usioshika mbao, na kiganja hukaa nyuma yake bila kuzungushwa.

Akikosa, hainui macho kuilaumu pini. Huinama kutazama mguu wake. Ukiwa umeishia ubao wa 29, alitembea kombo. Ukiwa mahali pake lakini mpira haukupita juu ya mshale, mkono ulibembea vibaya, mara nyingi kwa sababu mabega yaligoma kugeukia pembeni. Vyote viwili vikiwa sawa na bado mpira ukaenda kushoto, mkono ulizunguka.

Hesabu ya alama inamuunga mkono. Mtu akiangusha pini tisa kila mara kwa mpira wa kwanza, akamalizia ile moja katika fremu zote, na mpira wa mwisho wa nyongeza ukaangusha tisa, ana alama 190 bila straiki hata moja.