Sanaa ya Kuomba Barua ya Mapendekezo

Barua ya mapendekezo, yaani ushahidi wa maandishi ambao mhadhiri au msimamizi humtolea mwombaji wa masomo au kazi, huandikwa na mtu mmoja, lakini uzito wake hutegemea sana namna ilivyoombwa. Mhadhiri aliyefundisha darasa la wanafunzi 200 hawezi, miaka minne baadaye, kumkumbuka kila mmoja wao. Asipokumbushwa, huandika kwamba mwanafunzi huyo alihudhuria vipindi na alikuwa na nidhamu, na kamati ya uteuzi ikisoma hayo hutambua mara moja kwamba mwandishi hamjui anayemsemea. Ustadi wa mwombaji, basi, umo katika kumrudishia mhadhiri kumbukumbu bila kumwandikia sifa.

Chukuliwe mfano wa mhitimu wa uhandisi wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili. Baada ya shikamoo, hutaja jina alilosajiliwa nalo, mwaka aliohitimu, somo alilofundishwa na alama aliyopata, kisha mradi wake wa mwaka wa mwisho, ambao ulihusu kupima chumvi katika maji ya visima vya Kigamboni. Akiishia kusema kwamba alifanya kazi kwa bidii, mhadhiri hana la kushika. Lakini akikumbusha kwamba vipimo vya kisima kimoja vilipishana mno na vya visima jirani, kwamba alikishuku kifaa, akakirekebisha kwa maji ya chumvi ambayo kiwango chake kinajulikana, kisha akarudia visima vyote, mhadhiri hupata tukio ambalo mwenyewe alilisoma katika ripoti, na neno la uangalifu humjia bila kuombwa. Ukurasa wa ripoti hiyo wenye maoni ya mhadhiri pembeni, kwa mwandiko wake, ni kiambatisho chenye thamani kuliko wasifu mzima.

Mengine ni ya kawaida, ingawa yakisahauliwa hugharimu: tangazo la nafasi, tarehe ya mwisho, na taarifa kama barua itapakiwa kupitia kiungo kitakachotumwa na chuo, maana viungo hivyo mara nyingine hutumbukia katika folda ya barua taka. Muda wa wiki tatu au nne ni wa heshima.

Ombi lenyewe hufaa kutolewa kwa namna inayomwachia mhadhiri nafasi ya kukataa bila aibu, yaani kwa kumuuliza kama anaona anaifahamu kazi ya mwombaji vya kutosha kuiandikia barua yenye nguvu. Akijibu kwamba anaweza tu kuthibitisha kuwa mhusika alisoma hapo, huko ni kukataa kwa upole, na mwombaji mwenye busara hushukuru, akamwendea mhadhiri aliyesimamia mafunzo yake ya vitendo.